Barua ya kuomba kazi ya stoo baada ya kustaafu

Swali: Nina miaka 61. Nilistaafu mwaka jana baada ya kutunza stoo ya shule ya bweni kwa miaka 27. Sasa kila Jumamosi nahesabu mali ya duka la jumla la mpwa wangu hapa Malindi na kuiingiza kwenye kompyuta. Hoteli moja ya ufuoni inatafuta mtunza stoo. Mwanangu aliniandikia barua inayoanza, "Ingawa umri wangu umesonga, bado nina nguvu kama kijana." Moyo wangu haukuipenda, lakini sijui niandike nini badala yake. Niutaje umri au niufiche? Na nitaonyeshaje kwamba bado naiweza kazi?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Moyo wako umeona sawa, na sentensi hiyo ningeiondoa yote. Kiswahili chake hakina kasoro. Kasoro iko mahali inapompeleka msomaji. Meneja anayefungua bahasha yako anatafuta kujua jambo moja, nalo ni nani atakayemlindia mali ya hoteli isipotee na isioze. Kabla hajapata jibu, barua inamwambia kwamba kuna tatizo, na kwamba mwombaji mwenyewe analijua na analiombea radhi. Tena kujilinganisha na kijana kunakuingiza katika shindano usilolihitaji, kwa maana hoteli ikitaka nguvu za kijana itaajiri kijana.

Kuhusu umri, usiufiche, na wala usiupe sentensi yake peke yake. Watumishi wa umma nchini Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60, na kila meneja analijua hilo, hivyo neno "nilistaafu" likifuatwa na mwaka linamwambia yote anayotaka kujua, na nakala ya kitambulisho itathibitisha. Wapo wanaofuta miaka katika vyeti na tawasifukazi zao ili wasihesabiwe. Kwa kazi unayoiomba wewe ningekusihi usifanye hivyo, kwa sababu mtunza stoo anaaminiwa kwa tarehe, na anayeficha tarehe zake mwenyewe ameanza vibaya.

Sheria nayo iko upande wako. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, na katazo hilo linamfunga mtu binafsi kama linavyoifunga serikali. Ibara ya 57 nayo inawahakikishia wazee, ambao Katiba inawahesabu kuanzia miaka 60, haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Yajue haya, uyaweke akibani, ila usiyaandike katika barua ya kwanza. Aliyekuwa hajakukatalia akianza kutajiwa vifungu atahisi anatishwa, na barua itawekwa kando kwa sababu ambayo hutaijua kamwe.

Hii hapa barua ambayo ningeiandika kwa habari ulizonipa. Idadi zilizomo ni za mfano, nawe utaweka zako za kweli.

"Kwa Meneja,

YAH: OMBI LA KAZI YA MTUNZA STOO

Ninaomba kazi ya mtunza stoo mliyoitangaza. Kwa miaka 27 nilitunza stoo ya shule ya bweni, nikipokea, nikihifadhi na kutoa chakula cha wanafunzi 600 kila siku, na nilistaafu mwaka jana. Katika mihula mitatu ya mwisho, tofauti kati ya kadi za stoo na hesabu ya mkono haikuzidi asilimia 1 kwa mchele, maharagwe, sukari na mafuta ya kupikia.

Ninaelewa kwamba stoo ya hoteli ina mahitaji yake. Bidhaa nyingi hukaa siku chache, idadi ya wageni hupanda na kushuka, na samaki huadimika upepo wa kusi unapovuma. Nimezoea kutoa kwanza mali inayokaribia mwisho wa muda wake, kupima joto la friji na friza asubuhi na jioni na kuliandika, na kurudisha mzigo mlangoni usipolingana na agizo.

Tangu nistaafu, kila Jumamosi ninahesabu mali ya duka la jumla hapa Malindi, aina zipatazo 300. Huanza saa moja asubuhi, nikahesabu kwa kusimama hadi saa sita, kisha nikaingiza hesabu katika Excel na kumkabidhi mwenye duka orodha ya upungufu kabla ya alasiri. Cheti changu cha afya cha washika chakula kimetolewa mwezi huu. Ninaishi Barani, na ninaweza kufika hotelini upesi stoo ikihitaji mtu usiku.

Niko tayari kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye muda wa majaribio, na kwa zamu za wikendi na sikukuu. Mkipenda, nitafika siku yoyote nihesabu rafu mtakazochagua, nanyi mlinganishe hesabu yangu na kadi zenu."

Ona kwamba miaka 27 imetajwa mara moja na kuachwa hapo. Wastaafu wengi huandika aya nzima kuhusu urefu wa utumishi wao, wakidhani urefu huo ndio nguvu yao, ilhali meneja akisoma miaka peke yake anapata umri wa mtu bila kupata kazi yake. Asilimia ya tofauti ndiyo inayomzuia asiiweke barua chini, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu anayoulizwa yeye mwenyewe na wenye hoteli kila mwisho wa mwezi.

Namna ya kuipata ni hii. Chukua kadi ya bidhaa moja siku ya hesabu ya mwisho wa muhula. Ikiwa kadi ilionyesha kilo 400 za mchele na mizani ikakupa kilo 397, upungufu ni kilo 3, na 3 kwa 400 ni asilimia 0.75. Fanya hivyo kwa bidhaa nne au tano ulizozisimamia kwa wingi, kisha uandike kiwango ambacho hakuna iliyokizidi. Vitabu ni mali ya shule, kwa hiyo usiende kuchukua nakala. Mwombe mwalimu mkuu au mhasibu akuruhusu kuviangalia, au akuandikie mstari mmoja wa kuthibitisha. Na tafadhali usiandike kwamba hapakuwahi kuwa na upungufu wowote. Sukari humwagika wakati wa kupimwa, na mizani miwili hukataa kukubaliana kwa gramu kadhaa, na kila aliyewahi kusimamia stoo anajua kwamba kadi isiyotofautiana na rafu hata siku moja ni kadi iliyoandikwa bila kuhesabu.

Aya ya pili inajibu hofu ambayo haihusu umri wako moja kwa moja ila huvaa nguo za umri: kwamba utakuja na mazoea ya shule na kukataa kuyaacha. Stoo ya shule ya bweni ina orodha ya chakula isiyobadilika na idadi ya walaji inayojulikana tangu siku ya kufungua muhula. Hoteli ya vyumba 40 huweza kuwa na wageni 75 mwezi wa Agosti na ikabaki na 12 mwezi wa Mei wakati wa masika, na mtunza stoo anayeagiza kwa mazoea ataijaza friza nyama ambayo haina mlaji. Samaki nao wana kalenda yao. Kusi ikivuma bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na bei hupanda, kwa hiyo mtu wa stoo huzungumza na mpishi mkuu mapema kuhusu kitakachopikwa badala yake. Masika hiyohiyo huleta unyevu unaoingia katika unga na mchele, na ndiyo maana magunia hukaa juu ya chaga, mbali na ukuta, ili hewa ipite. Wewe umeishi pwani na unayajua haya bila kufundishwa. Mwombaji wa miaka 25 aliyetoka chuoni huenda akajua jina la kila hati ya stoo na asijue hili. Sentensi moja kuhusu kusi inatosha kuonyesha kwamba unaijua stoo ya hapa.

Ila uwe mwangalifu na habari ya friji. Kama shule yako ilikuwa na friza na wewe ndiye uliyekuwa ukisoma kipimajoto, sentensi ibaki, nawe uwe tayari kusema kwamba friza hukaa nyuzi 18 chini ya sifuri na friji kati ya sifuri na 5. Kama shule ilipika nafaka na mboga za siku tu, ifute. Utaulizwa, na stoo ya chakula kibichi si mahali pa kubahatisha.

Sasa nije kwenye nguvu, maana hapo ndipo mwanao alipojikwaa na ndipo meneja atakapokupima. Neno "nguvu" halimo katika barua yangu, wala "afya njema," wala "mchangamfu," kwa sababu maneno hayo huandikwa na kila mwombaji na hayawezi kukaguliwa. Kilichomo ni kazi uliyoifanya Jumamosi iliyopita: saa ulizosimama, aina ulizohesabu, na wakati uliokabidhi orodha. Meneja anaweza kupiga simu na kuuliza. Jambo la muhimu hasa ni kwamba kazi hiyo imefanywa baada ya kustaafu. Hofu yake kubwa kuhusu mstaafu ni ule mwaka wa katikati, ambao anauwaza kuwa mwaka wa kupumzika barazani, na mwombaji anayeacha mwaka huo mtupu humwachia meneja aujaze kwa dhana zake. Kwa sababu hiyo ningekubali barua yako ipungue maneno kuhusu shule kabla sijakubali ipungue neno moja kuhusu duka.

Weka basi hesabu ya kweli. Kama unaketi kila baada ya saa moja, usiandike kwamba unasimama hadi saa sita. Andika "ninamaliza aina 300 kabla ya saa sita," ambayo nayo ni sifa nzuri na haitakuumbua. Vivyo hivyo kuhusu kubeba. Gunia la kilo 50 halipaswi kubebwa na mtu mmoja wa umri wowote, na hoteli inayojali watu wake huwa na toroli na msaidizi wakati wa kupokea mzigo. Ukiulizwa, sema wazi kwamba gunia unalipakia na mwenzako na kulisukuma kwa toroli, na kwamba katoni za kilo 10 au 15 unazipanga mwenyewe. Jibu la namna hiyo humtuliza meneja kuliko ahadi ya kubeba kila kitu, kwa kuwa anachoogopa ni mtu atakayeumia mgongo wiki ya pili akabaki na stoo bila mtu katikati ya msimu.

Cheti cha afya cha washika chakula kinatakiwa kwa kila anayegusa chakula cha biashara, kijana kwa mzee, na waombaji wengi hungoja waajiriwe kwanza ndipo wakitafute. Wewe kitafute kabla ya kupeleka barua. Kitasema kuhusu mwili wako jambo ambalo hupaswi kulisema mwenyewe, na kitalisema kwa muhuri. Pima macho pia. Tarehe za mwisho wa matumizi huchapwa kwa herufi ndogo na wino hafifu chini ya kopo au pembeni mwa pakiti, na mtunza stoo aliyezeeka hushindwa hapo kabla ya kushindwa na gunia. Miwani ya kusomea ikae mfukoni siku ya mahojiano.

Kuhusu kompyuta, barua imetaja Excel kwa kuwa umesema unaingiza hesabu mwenyewe. Kama ukweli ni kwamba wewe husoma na mpwa wako ndiye anayeandika, tumia Jumamosi tatu zijazo kubadilishana naye viti kabla hujapeleka barua. Hoteli nyingi zina programu zao za stoo ambazo mfanyakazi mpya hufundishwa, na hakuna anayekutarajia uijue ya kwao. Wanachotaka kuona ni kwamba huogopi kibodi na unaelewa kinachohesabiwa. Jizoeze jedwali moja mpaka mkono uzoee: safu ya A iwe jina la bidhaa, B iwe idadi ya kwenye kadi, C iwe hesabu ya mkono, D iwe tofauti, na E iwe asilimia ya tofauti hiyo. Katika mstari wa pili, D na E zitaandikwa hivi:

```
=C2-B2
=D2/B2*100
```

Chapa karatasi moja ya jedwali hilo kutoka dukani, kwa idhini ya mpwa wako na bila bei zake, uende nayo kwenye mahojiano. Kijana wa kwanza kuiona atakuuliza kuhusu upungufu uliomo, na mazungumzo yatakuwa kuhusu mali badala ya miaka yako.

Hofu ya mwisho ni ya muda. Meneja anajiuliza kama atakufundisha taratibu zake miezi mitatu kisha uondoke, na hawezi kuuliza kwa adabu. Mkataba wa mwaka mmoja unamjibu, kwa sababu unampa mwisho unaojulikana naye anaweza kuuongeza. Muda wa majaribio nao umewekewa mpaka na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambao ni miezi sita, na kurefushwa kwake kunahitaji ridhaa yako. Usiandike kamwe kwamba mshahara mdogo utakutosha kwa kuwa una mafao ya kustaafu. Nimeona barua za namna hiyo, na huleta madhara mawili kwa pamoja: hushusha malipo yako kabla ya kuzungumza, na humfanya meneja ashuku kwamba kazi kwako ni ya kupitisha wakati, na kwamba siku ya mvua hutafika.

Habari ya kuongozwa na mtu mdogo kuliko wewe nimeiacha nje kwa makusudi. Ukiandika kwamba uko tayari kuamrishwa na vijana, msomaji ambaye ni kijana atahisi amekumbushwa umri wake, nawe utakuwa umeanzisha shaka usiyoweza kuiondoa kwa maandishi. Jambo hilo huonekana uso kwa uso, na mara nyingi huonekana katika sentensi moja, "Kule shuleni tulikuwa tukifanya hivi." Jizuie nayo. Wakikuonyesha utaratibu usioupenda, uliza kwanza utaratibu huo unafanya kazi gani, kwa mfano kwa nini vinywaji vina kadi mbili. Mara nyingi iko sababu, na kama haipo watagundua wenyewe wanapokujibu.

Mpwa wako asiwe mmoja wa watu wa kuulizwa habari zako, hata kama ndiye anayejua zaidi kazi yako ya sasa, kwa kuwa neno la jamaa halihesabiwi. Mtaje kama mwenye duka iwapo watataka kuthibitisha Jumamosi zako, na useme wazi ni mpwa wako. Katika orodha weka mhasibu wa shule, na umwongeze mfanyabiashara aliyekuwa akiiletea shule nafaka. Aliyewahi kurudishiwa mzigo mlangoni kwa sababu ya uzito pungufu ni shahidi mzuri sana wa mtunza stoo, nawe unamjua ni nani.

Wakikubali ombi lako la kuhesabu rafu, ambalo ndilo ninalolitegemea zaidi katika barua yote, fika na kalamu, miwani na tochi ndogo, kisha uwaombe wasikuonyeshe kadi kwanza. Anza pembe moja ya rafu, kutoka juu kwenda chini, ufungue kila katoni iliyokwisha kufunguliwa badala ya kuihesabu kama nzima, uandike pamoja na idadi tarehe ya mwisho iliyo karibu zaidi, na unapomaliza utie sahihi karatasi yako kabla kadi hazijaletwa mezani.